Anatafuta mwalimu au anamtafuta mwalimu? Kiswahili cha waliojifunza ukubwani Ulyankulu

Nikitoka Tabora mjini kwenda Ulyankulu huwa napita kwa bibi mmoja aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka 24. Alipofika hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Leo anauza, anagombana, anasuluhisha na kusali kwa Kiswahili, na wajukuu wanamwogopa kwa mafumbo yake. Safari moja nilikwenda na rafiki yangu anayefundisha Kiswahili sekondari. Bibi akatupokea kwa malalamiko: "Ng'ombe zimeingia kwenye mahindi tena. Niliona mwalimu asubuhi, nikamwambia afunge mifugo yake."

Tulipotoka rafiki yangu akaninong'oneza: "Umesikia? Zaidi ya miaka hamsini. Lugha ukiianza ukubwani haiingii."

Nimekuwa nikibishana naye kuhusu neno hilo tangu siku ile, maana ndani yake zimefungwa hoja tatu ambazo watu huzichukulia kuwa moja. Ya kwanza ni kwamba bibi amekosea. Ya pili ni kwamba kosa limetoka Kirundi. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba chanzo ni umri: ubongo una kipindi maalumu cha kupokea lugha, na kikipita mlango unafungwa. Kila hoja inahitaji ushahidi wake.

Nianze na ng'ombe, kwa sababu hapo rafiki yangu anaanguka mapema. Kiswahili cha darasani kinasema "ng'ombe wameingia". Umbo la neno ni la I-ZI, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai upatanisho wake unahamia A-WA. Kirundi hakina uhamisho huo. Inka hubaki katika ngeli yake, na mtu husema "inka zanje", yaani ng'ombe zangu. Kwa haraka utasema bibi amebeba sarufi ya Kirundi na kuivisha maneno ya Kiswahili. Sasa kaa stendi ya Tabora nusu saa usikilize. "Mbuzi zake zimepotea." "Zile ng'ombe zimeuzwa." Wasemaji ni vijana ambao hawana lugha nyingine zaidi ya Kiswahili. Bibi hakujifunzia kitabuni. Alijifunza kwa majirani, kwenye mashamba ya tumbaku na kisimani, na huko ndiko alikosikia "ng'ombe zimeingia". Huenda amejifunza kwa usahihi kabisa kile alichopewa.

Mtaalamu Robert Bley-Vroman alionya juu ya jambo hili mwaka 1983. Alisema ukimpima mwanafunzi wa lugha kwa rula ya lugha lengwa peke yake, unakosa kuona mfumo alionao yeye. Hapa Tabora kuna tatizo la ziada, kwamba rula yenyewe ni ya kitabu na si ya mtaa. Kwa hiyo sentensi ya ng'ombe naitupa. Haithibitishi kosa, haithibitishi Kirundi, haithibitishi umri.

Sentensi ya mwalimu ni habari nyingine. Mwalimu aliyezungumziwa anajulikana, ni yule jirani mwenye ng'ombe. Kwa mtu kama huyo, Kiswahili hutaka kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi: "nilimwona mwalimu". Hata kijana wa stendi anayesema "mbuzi zimepotea" hatasema "niliona mwalimu" akimaanisha mwalimu huyo. Sikio lake lingeshtuka, ingawa pengine asingeweza kueleza kwa nini.

Kirundi kinakwenda kinyume. Kina kiambishi kinachofanana kabisa na chetu, -mu-, lakini hukitumia nomino ikiwa haipo: "naramubonye", nilimwona. Nomino ikija baada ya kitenzi, kiambishi kinaondoka: "nabonye umwigisha", neno kwa neno "niliona mwalimu". Kuviweka vyote viwili pamoja hakuruhusiwi, isipokuwa nomino itengwe pembeni kwa kituo, kama mtu anayeongeza maelezo: nilimwona, yule mwalimu. Hapo lugha mbili ndugu, zenye viambishi vinavyokaribia kuwa pacha, zinatofautiana mahali ambapo macho hayaoni. Na hapo ndipo wazungumzaji waliobobea hunaswa. Tofauti kubwa mtu huiona akaifanyia kazi, lakini inayofichwa na mfanano hakuna anayemwambia kwamba ipo.

Je, hilo latosha kusema Kirundi ndicho chanzo? Bado. Inawezekana kila anayejifunza Kiswahili, awe Mrundi au Mjapani, huanza kwa kuacha kiambishi hicho kwa sababu ni kidogo na kinamezwa katikati ya kitenzi. Scott Jarvis, katika makala ya mwaka 2000, aliweka masharti ambayo mtu anayedai uhamisho kutoka lugha mama hana budi kuyatimiza. Wenye lugha mama moja wafanane katika wanachofanya. Watofautiane na wenye lugha mama nyingine wanaojifunza lugha hiyohiyo. Tena wanachofanya katika lugha ya pili kilingane na wanachofanya katika ya kwanza.

Sharti la kati ndilo linalorukwa mara nyingi, nalo linatudai kundi la pili. Ningewatafuta Wamakua waliotoka Msumbiji wakajifunza Kiswahili ukubwani, kwa sababu Kimakua hulazimisha kiambishi cha mtendwa kwa nomino za ngeli ya 1 na 2, yaani ile ya A-WA, hata nomino ikiwepo. Mmakua akisema "nilimwona mwalimu" bila shida huku Mrundi wa umri na miaka ileile ya ukaaji akisema "niliona mwalimu", mkono wa Kirundi umeonekana. Wote wawili wakiacha kiambishi, Kirundi kinaondolewa mashtaka.

Lakini kuna jambo Mrundi na Mmakua wote wangeweza kulikosa, nalo ndilo lenye utamu. Kanuni ya Kiswahili si "mtu, basi weka m-". Sema na msemaji wa kuzaliwa umpe hadithi mbili. Ya kwanza: shule haina mwalimu wa hesabu, mkuu wa shule ameandika tangazo. Je, mkuu wa shule anatafuta mwalimu wa hesabu, au anamtafuta? Ya pili: mwalimu wa hesabu ameondoka na ufunguo wa ofisi mfukoni. Je, mkuu wa shule anatafuta mwalimu wa hesabu, au anamtafuta? Msemaji wa kuzaliwa atachagua "anatafuta" katika hadithi ya kwanza, kwa sababu mwalimu huyo bado si mtu fulani, na "anamtafuta" katika ya pili. Hakuna shule niliyoiona ikifundisha hili.

Sasa tazama majibu ambayo mwanafunzi mtu mzima anaweza kutoa. Akisema "anatafuta" katika hadithi zote mbili, anafanya kama Kirundi kinavyofanya. Akisema "anamtafuta" katika zote mbili, ameondoka Kirundi lakini hajafika Kiswahili. Amejitungia kanuni isiyo ya lugha yoyote kati ya hizo: kila mtu apewe m-. Hakuna aliyemfundisha na hakuna aliyewahi kusema hivyo mbele yake. Ameijenga mwenyewe.

Hiyo ndiyo Larry Selinker aliiita, kwa Kiswahili tuseme, lughakati. Makala yake ilitoka mwaka uleule wa 1972 ambao bibi alivuka mpaka. Hoja yake ni kwamba anachozungumza mwanafunzi si lugha lengwa iliyotobokatoboka, bali ni mfumo wenye kanuni zake, wenye malighafi ya lugha mama, ya lugha lengwa, na ya ubunifu wa msemaji mwenyewe. Aliongeza kwamba baadhi ya sehemu za mfumo huo huganda: msemaji anaendelea kuishi katika lugha, maneno yanaongezeka, lakini kipengele fulani hakisogei. Alikisia kwamba labda asilimia 5 tu ya watu wazima hufika kabisa. Hicho kilikuwa kisio, hakuhesabu watu, ingawa wengi wameinukuu namba hiyo kana kwamba alipita nyumba kwa nyumba.

Kuganda kwa nini? Hapa tunafika kwenye umri. Eric Lenneberg, katika kitabu cha mwaka 1967, alipendekeza kwamba lugha hujifunzwa kwa wepesi wake wa asili kati ya kama miaka miwili na kubalehe, kwa sababu za ukuaji wa ubongo. Jaribio lililobeba wazo hilo hadi kwenye lugha ya pili ni la Jacqueline Johnson na Elissa Newport, mwaka 1989. Walichukua Wachina na Wakorea 46 waliofika Marekani wakiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 39, wakawasikilizisha sentensi 276 za Kiingereza na kuwauliza kila moja ni sahihi au la. Kwa waliofika kabla ya miaka kumi na mitano, kadiri mtu alivyofika akiwa mkubwa ndivyo alama zilivyoshuka, kwa uhusiano mkali wa -0.87, ambapo -1 ni uhusiano kamili wa kushuka na 0 ni kutokuwepo uhusiano. Kwa waliofika wakiwa wakubwa uhusiano ulififia hadi -0.16: alama zao zilikuwa chini na zimetawanyika, mwenye miaka 20 asitofautiane kwa mpango na mwenye 35.

Picha hiyo ndiyo rafiki yangu anayoibeba kichwani bila kujua ilikotoka. Ila tazama inadai nini hasa. Haisemi tu kwamba mkubwa hujifunza kwa shida kuliko mdogo, maana hilo hakuna anayebisha. Inasema mstari una kona: unashuka hadi umri fulani, kisha unalala. Kona ndiyo mlango unaofungwa. Pasipo kona, kinachobaki ni mteremko wa kawaida, kama ule wa macho na magoti.

Na kona imekuwa ngumu kushika. Ellen Bialystok na Kenji Hakuta walizirudia data hizohizo mwaka 1994, wakahamisha mpaka hadi miaka 20, na wakaona umri bado unafanya kazi hata kwa waliofika baada ya hapo. Mwaka 2003 Hakuta, Bialystok na Edward Wiley walitumia sensa ya Marekani ya 1990, watu milioni 2.3 wenye Kihispania au Kichina, wakapata mteremko usio na kona. Ni kweli kwamba katika sensa watu walijieleza wenyewe wanajua Kiingereza kiasi gani, na mtu kujisifu au kujishusha hakupimi viambishi. Kisha mwaka 2018 Joshua Hartshorne na wenzake, kwa majibu ya watu 669,498 waliofanya jaribio mtandaoni, wakasema kona ipo, ila iko karibu na miaka 17.4, baada ya kubalehe. Kona inayohama hivyo kila apitapo mtafiti mpya inanitia mashaka, lakini sithubutu kusema haipo.

Njia ya pili ya kulipima dai ni kuwaacha wastani na kuwatafuta mabingwa. Michael Long alisema mwaka 1990 kwamba mtu mmoja tu aliyeanza ukubwani akafika sawa na mzaliwa angetosha kuliangusha dai. René Coppieters, 1987, aliwachukua watu 21 waliobobea Kifaransa ukubwani, ambao hata Wafaransa waliwasifu, akawalinganisha na wazaliwa 20. Hakuna hata mmoja aliyeingia ndani ya wigo wa wazaliwa. Miaka mitano baadaye David Birdsong akarekebisha jaribio na kuchukua watu 20 waliobobea Kifaransa ambao lugha mama yao ni Kiingereza. Kumi na watano wakaingia ndani ya wigo huo. Yupo pia mwanamke aliyeitwa Julie katika utafiti wa Georgette Ioup na wenzake wa 1994, aliyehamia Kairo akiwa na miaka 21 bila kusoma Kiarabu darasani, na ambaye wengi wa waliomsikiliza walimdhani ni Mmisri. Upande wa pili wa mizani wapo Niclas Abrahamsson na Kenneth Hyltenstam. Mwaka 2009, jijini Stockholm, walianza na watu 195 wenye Kihispania waliojiona wanaongea Kiswidi kama wazaliwa, wakawachuja kwa masikio ya Waswidi, kisha wakawabana wachache waliobaki kwa vipimo vingi vya kina. Kati ya walioanza ukubwani hakuna aliyevuka vipimo vyote. Na hapa ndipo ninapompiga rafiki yangu swali: hata miongoni mwa walioanza utotoni, ni wachache tu waliovuka vyote. Kama mtoto wa miaka sita naye anaanguka, tunapima umri, au tunapima kuishi na lugha mbili kichwani?

Turudi Ulyankulu, kwa sababu ukitazama vizuri pale pana jaribio lililojipanga lenyewe. Mwaka 1972 watu wa umri wote, wenye lugha mama moja, walifika kwa wakati mmoja na kujifunza lugha moja. Makazi yalikuwa matatu, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na miaka mingi baadaye zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walipewa uraia wa Tanzania. Miaka ya ukaaji ni sawa kwa wote. Nani asingefurahi?

Furaha hiyo inakwisha ukiingia kwenye hesabu. Umri wa sasa wa mtu ni umri aliofika nao ukijumlisha miaka ya ukaaji. Miaka ya ukaaji ikiwa sawa, kila aliyefika mkubwa ni mzee leo. Bibi aliyefika na miaka 24 ana 77 mwaka 2025. Aliyefika na sita ana 59. Bibi akichoka kwenye sentensi ya hamsini, nitasema ni kipindi maalumu au ni uzee? Mpe sentensi 276 uone kama hatakufukuza.

Njia ya kutoka ni kuongeza wimbi la 1993, waliokimbia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye na wengi wao kuingia Kigoma. Wachukue wanawake wawili waliozaliwa 1966. Mmoja alifika 1972 akiwa na miaka sita, mwingine 1993 akiwa na 27. Leo wana umri sawa, uchovu sawa, masikio ya rika moja. Tofauti ni umri wa kuanza. Lakini ukivuta shuka upande huu unafunua miguu upande ule: wa kwanza ana miaka 53 ya Kiswahili, wa pili 32. Mimi nitakubali hilo, kwa kuwa miaka 32 inatosha kwa jambo lolote ambalo lingekuja kwa kukaa tu. Nisichoweza kukubali kirahisi ni shule. Mtoto wa 1972 aliingia darasa la kwanza kwa Kiswahili, akaandika imla, akachapwa kwa upatanisho wa kisarufi. Aliyefika na 27 aliishi kambini, ambako kutoka nje kulihitaji ruhusa, majirani wote wakiwa Warundi. Ukiwalinganisha hao wawili na kuita tofauti yao "umri", umezika shule na kambi ndani ya neno moja. Angalau tafuta waliofika watoto lakini hawakusoma. Wapo, hasa wasichana.

Wa kupimia nao wasiwe watangazaji wa redio. Wawe waliozaliwa Ulyankulu wakalelewa kwa Kirundi na Kiswahili pamoja. Hao wameanza mapema kuliko wote. Wakiacha kiambishi kwenye "nilimwona mwalimu" mara moja moja, basi bibi akikiacha mara moja moja hajafungiwa mlango wowote. Anasema Kiswahili cha watu wa lugha mbili wa pale.

Tena pima kwa njia mbili, kwa kuuliza na kwa kusikiliza, huku masikio yako yakiwa macho dhidi ya lafudhi. Bibi husema "mwarimu" na "kurara", kwa kuwa r ndiyo iliyoenea Kirundi na l ni adimu. Sikio likishaipata r hiyo linaanza kuhesabu makosa ambayo hayapo. Ndiyo maana ningenukuu maneno yake kwenye karatasi, niyasafishe matamshi, kisha nimpe mtu wa tatu ahukumu sarufi.

Mwezi uliopita nilimpa bibi hadithi zangu mbili za mkuu wa shule. Si utafiti. Tulikuwa tunachambua maharage. Hadithi ya tangazo akasema "anatafuta mwarimu". Hadithi ya ufunguo akasema "anamtafuta". Nikamuuliza kwa nini amebadilisha. Akanitazama kama mtoto mzito. "Mjukuu wangu, yule wa kwanza si bado hajaajiriwa? Utamtafutaje mtu ambaye hayupo? Unatafuta tu. Huyu wa pili ana ufunguo, ana jina, ana deni dukani."

Nikampigia rafiki yangu palepale nikitamba. Nilipokuwa bado na simu sikioni bibi akapaza sauti kwa mjukuu wake aliyekuwa uani: "Wewe! Umeona babu yako? Mwambie chai imeiva." Rafiki yangu akasikia, akacheka hadi simu ikakatika. Na yule binti, mzaliwa wa Ulyankulu, darasa la saba, akajibu bila kugeuka: "Nimeona, Bibi. Anafukuza ng'ombe, zimerudi tena."